Chaja ya Mulongo

Clotilde alizaliwa katika nyumba za reli za Kamina, zile za matofali mekundu zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya stesheni. Baba yake aliletwa huko na kazi ya treni, akaoa binti wa Kiluba wa kanisa la Methodiste, na mtoto akakua na lugha tatu mdomoni na mlio wa injini masikioni. Alisoma kwa wamisionari, akajifunza kupiga mashine ya kuandika, akaajiriwa ofisi ya kanisa. Mume wake alifariki mapema. Alimwachia mtoto mmoja, Lise, na Lise akasomea unesi.

Mwaka wa 2002, vita ilipokuwa bado inazunguka kaskazini, Lise alikuwa akizalisha wanawake kwenye dispensari ya Mulongo, ng'ambo ya mabwawa ya Lualaba. Kanisa lilikuwa limeipa dispensari hiyo simu ya satelaiti. Kila Jumamosi Lise aliwasha simu, akaelekeza antena mbinguni, akapiga ofisi ya Kamina, ambayo ilikuwa na simu yake ya aina nyingine. Alitoa habari za wagonjwa, na kama mama mjamzito amezidiwa aliomba ndege ndogo ya kanisa. Mwishoni mwa mazungumzo alisema tu, "Mama, niko muzima," na Clotilde aliishi kwa maneno hayo mpaka Jumamosi nyingine.

Kisha Jumamosi moja simu haikulia. Ya pili vilevile. Clotilde alikaa karibu na kile chombo tangu asubuhi, akajifanya anapanga mafaili, na ilipofika jioni alifunga ofisi bila kuaga mtu.

Habari ililetwa na Kabwe, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi Mulongo kwa baiskeli na kurudi na samaki wakavu. Alifika ofisini na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Clotilde, mutoto iko muzima," alianza, kwa sababu alijua ni neno gani lilikuwa likingojewa. "Ila maaskari balipita mu dispensari. Balibeba dawa, balibeba na chargeur ya simu. Simu yenyewe Lise aliificha mu chungu ya kufulia. Batri imekwisha. Anaomba mumutafutie chargeur ingine. Minyi mwenyewe narudia kule Jumatano."

Clotilde aliketi. Alicheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, kisha akaanza kufikiri. Chaja ya simu ya ofisi aliijua: kichwa chake kilikuwa kinene, kisingeingia kwenye simu ya Lise. Nani basi angejua simu ile inataka chaja gani?

Alikumbuka picha. Siku vifaa vya Mulongo vilipokabidhiwa, Ferdinand, mpiga picha wa karibu na soko, alivipiga picha kimoja kimoja ili wafadhili waone. Clotilde alifungua kabati, akapata bahasha. Humo mlikuwa na picha ya chaja iliyolala juu ya kitambaa cheupe, lebo yake ikitazama juu, na picha nyingine ya batri, imetolewa ndani ya simu. Alizibeba zote mbili mpaka kwa jirani yake Malachie.

Malachie alikuwa fundi wa umeme wa ishara za reli. Treni zilikuwa zimepungua na mshahara ulikuwa haufiki, basi alitengeneza redio za watu nyumbani. Alitoa kioo cha kukuzia, akaegemea dirishani.

"Tuanze na batri," alisema. "Soma, macho yako iko mazuri kuliko yangu."

"Li-ion. Tatu nukta saba, na V. Chini yake, elfu moja mia ine, mAh."

"Ile elfu inasema akiba yake tu, namna debe inasema lita ngapi. Volti, zile za V, njo tunatafuta. Na angalia, kwa pembeni imelala sawa, haijavimba. Ile siku ilikuwa batri nzuri. Sasa chargeur. Kuko mistari mbili: INPUT ni umeme wenye kuingia, OUTPUT ni wenye kutoka."

"INPUT, mia moja mpaka mia mbili makumi ine. Kisha alama sawa wimbi ya maji."

"Ule ni umeme wa ukutani, ama wa groupe, ile jenereta ya Mulongo. Uko sawa. OUTPUT?"

Clotilde alisogeza kioo mbele na nyuma. Mwanga wa flashi ulikuwa umeangukia plastiki na kuacha doa jeupe tangu katikati ya lebo mpaka ukingo wake wa chini, doa lililofunika mwanzo wa mstari wenyewe.

"Naona tano, nukta, sufuri, V. Kisha kistari kimenyooka, na vidoti chini yake. Kisha moja nukta sufuri, A. Lakini mbele ya tano kuko mweupe mutupu."

Malachie alichukua picha, akaikazia macho kwa muda mrefu.

"Kistari na vidoti ni umeme wa njia moja, kama wa batri. Hiyo sina mashaka. Na hapa kuko kaduara kenye alama ya kujumlisha katikati: chanya iko ndani ya kichwa, hasi iko inje. Lakini hii tano..." Alikuna kidevu. "Inaweza kuwa tano. Inaweza kuwa kumi na tano, na ile moja imemezwa na flashi."

"Na batri ya tatu nukta saba haituambie?"

"Inanivuta upande wa tano. Chargeur lazima ipite batri kidogo. Lakini chargeur haigusi batri moja kwa moja, kuko kifaa ndani ya simu chenye kupunguza, na sikijue. Tukitia kumi na tano kwa simu ya tano, itaungua, labda batri itawaka moto mu mikono ya mutoto wako. Tukitia tano kwa simu ya kumi na tano, haitashika kitu. Minyi sipendi kubahatisha, Mama Clotilde."

Walikwenda sokoni kwa Séraphin, muuzaji wa nyaya na redio za mitumba. Séraphin aliwamwagia mezani fungu la chaja kama mtu amwagaye mihogo. Walipima vichwa kwa kuvilinganisha na picha, wakabakiwa na chaja mbili zenye kichwa cha unene ule. Moja iliandikwa 15 V, 1 A. Nyingine 5 V, 2 A.

"Bebeni hii ya kumi na tano," Séraphin alisema. "Iko na nguvu. Ampea ni moja, sawa na ya picha. Ile ingine ina ampea mbili, hazilingane."

Moyo wa Clotilde ulitaka kukubali. Ile "1" ilikuwa inafanana kabisa na "1" ya kwenye picha, na Kabwe alikuwa anaondoka kesho yake. Lakini alimwona Malachie akiirudisha ile ya kumi na tano mezani na kutikisa kichwa.

"Utuwekee zote mbili," alimwambia Séraphin. "Tunarudia."

Alipita moja kwa moja kwa Ferdinand. Mpiga picha alikuwa nyuma ya nyumba akianika karatasi. Clotilde alimweleza, akamwonyesha lile doa jeupe, na Ferdinand akaudhika, si kwa Clotilde bali kwa picha yake.

"Hii si ya kwanza niliyopiga," alisema. "Kitu chenye kung'aa napigaka mara mbili, moja ya mbele, moja ya upande. Pasta wenu alichagua ya mbele. Negative ninayo. Kaa hapo."

Aliingia chumba chake cha giza. Clotilde alikaa juu ya kreti, akasikia maji yakimwagwa, akasikia Ferdinand akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Aliomba. Hakumbuki aliomba nini, ila alikuwa anarudia jina la Lise.

Ferdinand alitoka na karatasi iliyolowa, kubwa kama sahani. Lebo ilijaa ukurasa mzima. Ilipigwa kwa upande, herufi zimelala kidogo, na doa la mwanga lilikuwa limehamia kulia. Sasa lilifunika ampea zote na sehemu ya volti. Kabla ya V, tarakimu zilikuwa zimetikisika kwa sababu mkono ulisogea. Clotilde aliigeuza kuelekea mwangani. Kisha akaona, chini kabisa pembeni, neno ambalo kwenye picha ya kwanza lilikuwa ndani ya doa: 5 W. Mbele ya ile tano hapakuwa na kitu, ila plastiki nyeusi na ukingo wa lebo.

Alikimbia na karatasi mbichi mpaka kwa Malachie, akiishika kwa ncha za vidole.

"W ni nini?"

"Ni wati. Ni volti mara ampea." Malachie aliinua kichwa. "Unasema wati ngapi?"

"Tano! Peke yake, kando yake hakuna kitu!"

Malachie aliweka picha mbili sambamba. "Ampea ni moja, iko wazi huku. Kama volti zingekuwa kumi na tano, wati zingekuwa kumi na tano. Wati ni tano. Basi volti ni tano." Alipiga paja lake. "Tano! Mungu wangu, na tulitaka kuibeba ile ingine!"

"Lakini ya Séraphin iko na ampea mbili. Haitaizidia simu?"

"Hapana. Volti njo zinasukuma. Hizo lazima zilingane. Ampea ni ugali, bukari yenye iko mu sahani. Ukimupikia mutoto bukari ya bantu babili, atakula ya kumutosha, ingine itabakia. Ubaya ni ikiwa kidogo: hapo chargeur itachoka na kupata moto."

Walirudi sokoni kabla Séraphin hajafunga. Malachie alikagua kaduara kwenye lebo: chanya ndani, kama kwenye picha. Alitazama ganda kama lina ufa, waya kama umechunika. Nyumbani aliichomeka ukutani, umeme ukiwepo kwa bahati, akagusa kichwa kwa sindano za mita yake: volti tano na kidogo. Kisha akafunga kiglopu, balbu ndogo ya taa, ili chaja iwe na mzigo wa kubeba, akaiacha mpaka walipomaliza kula. Clotilde aliiweka kiganjani. Ilikuwa ya vuguvugu, kama yai lililotoka chini ya kuku. Haikunuka.

Jumatano asubuhi Kabwe aliizika ndani ya gunia la chumvi, akapanda baiskeli, akaondoka kwa barabara ya kaskazini.

Kungoja kulikuwa kugumu, lakini hakukuwa kungoja kule kwa zamani. Clotilde alipiga mashine yake, akawajibu watu, hata akamkaripia mlinzi aliyelala. Siku ile simu ilipolia haikuwa Jumamosi wala hakuwa karibu nayo. Alikuwa uani akisuuza vikombe, na kikombe kimoja kilimponyoka kikavunjika alipokimbilia simu.

"Mama? Ni minyi. Niko muzima."

Clotilde alikandamiza simu sikioni.

"Mama, unasikia? Nimeitia usiku mzima kwa groupe, imejaa. Haikupata moto hata kidogo. Mama, sikiliza, kuko mama moja hapa, mutoto amelala vibaya ndani, minyi peke yangu sitaweza. Ndege inaweza kuja?"

Clotilde alijifuta mikono kwenye kitenge na kuchukua kalamu. Aliuliza hali ya uwanja, kama ng'ombe wametolewa, kama kuna askari karibu, akaandika kila jibu, akamwita rubani kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Ndege iliondoka kabla ya mchana.

Jioni yule mwanamke alikuwa hospitali ya Kamina, amepasuliwa, amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kali. Clotilde alikwenda kumwona. Hawakufahamiana. Alikaa tu kitandani pake kidogo, akampa chai, akasikiliza yule mtoto akilia.

Alipotoka alipitia kwa Malachie. Alimkuta mlangoni na redio ya mtu magotini.

"Simu iliwaka?" Malachie aliuliza.

"Iliwaka, baba. Lise anasema iko muzima."

Malachie aliweka chini bisibisi, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akamvutia Clotilde kiti.