Ukuta wa Bati

Siku niliyomwona Ndinda mara ya kwanza alikuwa anasukuma baiskeli isiyo yake, cherehani imefungwa nyuma kwa mpira, na spoki tatu za gurudumu zimekatika kwa uzito. Alisimama mbele ya kibanda changu hapa Matsangoni, kando ya barabara, akaniuliza kama naweza kuitengeneza kabla mwenyewe hajajua. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitia spoki, nikaweka rimu sawa, nikampa. Ndipo akacheka.

"Fundi, unasema, ama nimekuja kwa bubu?"

"Nasema," nikamjibu. Siku ile sikuongeza neno.

Alikuwa Mkamba kutoka Kibwezi, na mtoto mmoja, Hope. Alikodi chumba kilichogusana na kibanda changu, bati moja tu katikati. Mwaka wa pili akaingia Sidi, mwanamke wa kwetu Ganda. Sidi alipima na kukata, Ndinda alishona. Kwa miaka tisa niliwasikia wakitaniana nyuma ya bati lile. Sidi akimwambia kwamba Wakamba hushona kama wanaokimbia mvua, Ndinda akimwambia kwamba Wagiriama hupima mara saba kisha hulala. Hope alipougua kifua usiku wa Krismasi, Sidi ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Watu waliwaita mapacha.

Mwezi wa tano mama yake Sidi akafa. Alizikwa Jumapili kwao Ganda. Ndinda alikwenda na leso mpya na kilo nne za sukari, akalia kaburini kama wenzake, na kabla ya magharibi akapanda tuktuk akarudi. Kwao, mtu akishazikwa, majirani hurudi makwao. Kwetu sivyo. Kwetu kuna hanga. Rafiki wa karibu huja na mkeka wake, akalala chini na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Anayeondoka siku ya kuzika ni mgeni.

Mimi nililijua hilo. Jumapili asubuhi nilimwona Ndinda akitoka bila mkeka. Nikainamia tairi nililokuwa naziba. Mambo ya wanawake, nikajiambia.

Jumanne alasiri nilisikia simu ya Ndinda ikilia mara kadhaa, kisha nikasikia sauti yake mwenyewe, ya juu, akiongea na simu bila kujibiwa. Alikuwa anarekodi. Maneno yale siyaandiki yote. Alisema yeye hana siku za kulala chini kama kuku kwa ajili ya kizee kilichokuwa kimeichosha hata familia yake. Baada ya muda mfupi nikamsikia akisema peke yake, "Futa, futa."

Ijumaa akaja kibandani kwangu na simu mkononi, akaketi kwenye kopo langu la rangi.

"Fundi, wewe hupendelei mtu. Sikiliza."

Hope, ambaye sasa yuko chuo Mombasa, alikuwa amemwekea katika simu ile programu inayojibu maswali, wanayoiita akili mnemba. Ndinda alikuwa amenakili mazungumzo yake na Sidi, akayabandika mle, na chini akaandika: Nani ana haki? Taja jina moja.

Alinisomea kwanza alichobandika. Sidi aliandika Jumanne kwamba wageni ndio huondoka baada ya kuzika. Ndinda akajibu kwamba alikuwa na sare za shule za kumaliza, na kwamba hakuna aliyemwambia alale. Hiyo ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Saa kumi na nusu Sidi akaandika: "Uliyoyasema juu ya mama yangu nimeyasikia. Usikanyage kwetu tena. Cherehani yako baki nayo."

"Umeona ukali huo?" akasema. "Sasa sikia hii mashine."

Jibu lilikuwa refu. Lilisema linaona ameumia, na kwamba kutojua desturi si dharau. Lakini halikutaja jina. Lilisema linasikia upande mmoja tu, na kwamba yaliyobandikwa yana pengo. Sidi anazungumzia jambo lililosemwa juu ya mama yake, na humo hakuna neno lolote juu ya mama huyo. Likauliza kama kuna ujumbe ulioachwa, labda wa sauti, kwa kuwa sauti hainakiliki pamoja na maandishi.

Ndinda akafyonya. "Imefundishwa na Wagiriama hii."

Akaandika tena, akisema kwa sauti kila neno: "Hakuna kilichoachwa. Sikusema lolote baya. Nani ana haki?"

Safari hii jibu lilikuja fupi. Akalisoma polepole, na uso wake ukakunjuka. Lilisema kwamba ikiwa kweli hakusema lolote juu ya marehemu, basi maneno ya Sidi yamezidi, naye Ndinda anastahili maelezo. Lakini likarudia kwamba halina njia ya kujua hilo, na kwamba Sidi pengine angelisimulia vingine.

"Basi," akasema. "Yamezidi. Imesema yenyewe."

Akapiga picha ya jibu lile, kisha kwa kidole akaikata juu na chini. "Ikiwa" ikatoka. Upande wa Sidi ukatoka. Yakabaki maneno matano, alivyohesabu yeye: maneno ya Sidi yamezidi, nawe unastahili maelezo.

"Hayo ni saba," nikasema.

"Hata kuhesabu unajua leo?" Hakucheka. Alikuwa anatafuta kundi la akina mama wa chama, wanawake thelathini na wawili, na Sidi yumo. Picha ikaingia kwenye kisanduku cha ujumbe. Kidole chake kikasimama juu ya alama ya kutuma.

Nilijua ikishaenda, Sidi ataiona akiwa juu ya mkeka, mbele ya wafiwa, na miaka tisa imekwisha. Nikapangusa grisi mikononi.

"Mama Hope," nikasema. "Jumanne nilikuwa hapa."

"Uko hapa kila siku."

"Nilisikia. Habari ya kuku. Na ya kizee."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Boda ikapita, ikafuata lori. Nilidhani atanitukana.

"Niliifuta," akasema.

"Sidi alikuwa ameshaisikia."

Akaitoa ile picha kisandukuni, akarudi kwa ile akili, akaandika kwa muda mrefu bila kunisomea. Nadhani safari hii aliyaweka yote, maana jibu lilipokuja alilisoma mara mbili akiwa amefunika mdomo kwa leso.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inauliza kama nimemwomba msamaha." Akainuka. "Mkeka wa kulalia hanga ni upi?"

"Wowote. Nenda na wa kwako. Na usitoke mpaka waanue."

Alikwenda jioni ile. Sidi mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye: hakumsemesha usiku kucha, alisogea tu kidogo kumpa nafasi ya kutandika. Asubuhi wakaosha sufuria pamoja, na hapo Ndinda akayasema aliyokwenda kuyasema.

Sidi hakuweza kurudi Matsangoni, kwa kuwa baba yake haoni na amebaki peke yake. Kwa hiyo cherehani ndiyo iliyohama. Mwezi wa sita Ndinda alikuja na tuktuk kuichukua, nikamsaidia kuipakia na kuifunga kwa mpira, kama siku ile ya kwanza. Tangu hapo sijamwona. Siku ile, alipokwisha kuketi ndani ya tuktuk, alitoa kichwa nje.

"Fundi," akasema, "siku nyingine ukinisikia nikisema neno la namna ile, usingoje Ijumaa. Gonga ukuta."