Dawa ya Mikono Iliyotolewa Juani

Hospitali yetu ya Baraka ilijitengenezea dawa ya kusafishia mikono, na mimi, mfamasia, ndiye niliyekuwa nikiipima kabla haijapelekwa wodini. Siku moja msimamizi wa hospitali akanitangulia. Bidoni, lile dumu la dawa, lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Alimimina dawa kwenye gilasi ndefu, akatumbukiza kipimo cha alkoli, kikaelea kwenye asilimia sabini na sita.

"Iko muzuri! Si ulisema sabini na tano inatosha?"

Nikamweleza kwamba kipimo hicho kimetengenezwa kwa digrii ishirini. Dawa ikipata moto inakuwa nyepesi, kipimo kinazama zaidi na kusoma namba kubwa ya uongo. Akacheka. Nikaenda mwenyewe kuomba barafu kwa bamama wanaouza samaki, nikaifunga dawa ile chupani, nikaipoza mpaka digrii ishirini, nikapima mbele yake. Sabini na moja.

"Haitoshi," nikasema. "Tuongeze alkoli."

Akaniangalia kana kwamba nimeiba. "Ni we umeiharibu na barafu yako! Mbele ya kuiweka barafu, ilikuwa na nguvu."

Nikavuta pumzi nianze kueleza upya. Yeye alikuwa ameshaibeba chupa, anairudisha juani ipone.