Anga la Kyambogo Lilivyokatika Mistari

Shemeji yangu Fadhul ana tabia moja iliyonichosha roho miaka yote: hafuti kitu. Ameoa dada yangu, na mimi Kaltumi nafanya naye kazi katika studio yake ya picha hapa Kawempe, chumba kimoja, kompyuta mbili na feni inayopiga kelele kuliko wateja. Alianza na picha za pasipoti enzi za filamu, akajifundisha kamera za digitali peke yake, na hadi leo akiona picha iliyounganishwa vibaya, kichwa cha mtu kimebandikwa kama stempu, anasonya kwa nguvu hadi mteja anageuka.

Kamera yake huhifadhi kila picha mara mbili. Moja ni JPEG, ambayo kamera imeshaipika na kuibana. Nyingine ni raw, yaani mwanga wote kama ulivyoingia, haujapikwa. Raw moja inakula nafasi ya JPEG nne, tano. Fadhul ana sheria yake: raw hazifutwi mpaka picha itundikwe ukutani kwa mteja. Mimi niliiona sheria ya mzee mbishi. Diski zilikuwa zinajaa kila wiki, na mwenye kupigana na diski ni mimi, si yeye!

Februari alikuja Mzee Olweny, polisi mstaafu, jirani yetu. Mkewe, Mama Aryemo, alikuwa mgonjwa, naye alitaka kitu kimoja tu: picha kubwa ya sebuleni, yeye na watoto wake wote, juu kilimani Kyambogo, alikopika miaka ishirini kwenye jiko la wanafunzi wa chuo. Tukaenda. Watoto watatu wakafika, lakini Okwir, kifungua mimba, naye polisi kama baba yake, alikuwa kazini. Tukasubiri. Saa kumi na moja Mama Aryemo akaanza kutetemeka kwa uchovu.

"Mama, keti hapa nikupige peke yako," Fadhul akamwambia. "Kisha nenda ukapumzike. Okwir akija nitawapiga wao, nitawaambia wakuachie nafasi, halafu nitakuweka katikati yao. Nakuahidi."

"Nisionekane kama nimebandikwa, baba," akasema yule mama, akicheka kidogo.

"Haki ya Mungu, hutaonekana."

Okwir alifika jua limeshazama, bado na sare. Anga lilikuwa zuri mno, rangi ya chungwa chini, ikipanda polepole kuwa samawati hadi giza. Fadhul akaipiga picha iwe na giza makusudi, ili zile rangi zisiungue kwa mwanga. "Raw ina kila kitu," akaniambia. "Nyuso nitaziinua baadaye." Nyumbani alitaka kuunganisha mara moja, lakini Mama Aryemo akasema ataichagua mwenyewe picha ya watoto akipata nafuu. Basi kazi ikasubiri.

Machi ikaja harusi ya siku tatu, na video zake zikagoma kuingia. Diski imejaa! Fadhul alikuwa msikitini. Nikawaka. Nikafungua folda moja baada ya nyingine, nikafuta raw zote za mwezi uliopita, huku nikisema kwa sauti, "JPEG zipo, zinatosha, picha ni picha." Kadi za kamera nazo tulikuwa tumeshazitumia tena. Sikumwambia. Nilijiona mjanja.

Aprili, Mama Aryemo akafariki.

Mzee Olweny alikuja baada ya maziko, kofia mkononi. Alitaka ile picha kwa ajili ya maombi ya kumkumbuka mkewe. Fadhul akakaa kwenye kompyuta, akafungua folda, akaitazama muda mrefu. Akanigeukia.

"Kaltumi, raw ziko wapi?"

Nikamwambia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu namna ile. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alijaribu programu ya kurudisha faili, lakini video za harusi zilikuwa zimekalia mahali pale pale.

Akajaribu na JPEG. Nilikaa nyuma yake nikiona kila kitu. Akamkata Mama Aryemo taratibu, unywele kwa unywele, akambadilisha rangi afanane na jioni, akamweka kwenye nafasi waliyomwachia watoto. Alikaa vizuri, masikini. Kisha akaanza kuinua mwanga, nyuso zikatoka gizani, na anga likakatika. Pale rangi ya chungwa ilipokuwa ikipanda kuwa samawati bila mshono, zikatokea ngazi, mistari mipana, mmoja juu ya mwingine, na mmoja ulipita sawasawa juu ya kichwa cha marehemu.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"JPEG ni biti nane," akasema bila kugeuka. "Kila rangi ina vidato mia mbili hamsini na sita, basi. Huku gizani anga zima limepewa vidato vichache tu. Ukiviinua vinaachana, jicho linaona pengo. Raw ya kamera hii ni biti kumi na nne, vidato elfu kumi na sita na ushei. Ningevuta mwanga nitakavyo."

"Si uigeuze iwe biti kumi na sita? Kompyuta inaruhusu."

"Mimina kikombe cha chai kwenye ndoo, Kaltumi. Umepata ndoo ya chai?"

Aliigeuza hata hivyo, na mistari ikabaki pale pale. Akatia chembechembe za rangi juu ya anga ili kuificha. Chembe kidogo hazikutosha, nazo zilizotosha zikafanya anga kuwa kama plasta ya ukuta. Akaliacha anga giza, akainua watu peke yao: wakawa wamebandikwa, kile kitu mama yule alichokataa. Siku nne alihangaika.

Mwishowe akamwita Mzee Olweny, akamwonyesha, akapendekeza kuweka anga la siku nyingine.

"La siku nyingine?" Mzee akatikisa kichwa. "Yeye alikuwa pale siku ile. Hapana, Fadhul. Nipe zile mbili kama zilivyo."

Zikachapwa kama zilivyo, kila moja na fremu yake. Bila kuvutwa mwanga, nyuso za watoto zilibaki na giza kidogo, lakini JPEG zile zilikuwa nzuri, anga laini kabisa. Hilo liliniuma zaidi.

Siku ya maombi nilikwenda kusaidia kugawa chai. Picha zilikuwa ukutani: Mama Aryemo peke yake alasiri, watoto wanne jioni, na pengo kati ya Okwir na mdogo wake. Dada wa Mzee, aliyetoka Lira, alizitazama akiwa na kikombe mkononi.

"Olweny, kwani siku hiyo alikuwa amekosana na watoto?"

"Hapana," Mzee akajibu. "Alichoka tu."

"Sasa mbona mmemtenga hivi?"

Okwir akainuka akatoka nje. Mimi nikaweka sinia chini.

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyefuta zile faili. Nilikuwa na hasira na diski. Nisamehe."

Mzee Olweny akanitazama kwa mshangao.

"Fadhul aliniapia kwamba alizifuta yeye."

"Si yeye. Fadhul hafuti kitu."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti, binti yangu. Nikusamehe, nimekusamehe. Lakini nenda nje ukamwambie Okwir. Tangu mama yake azikwe anasema mama hayumo pamoja nao pichani kwa sababu yeye alichelewa."