Gramu Arobaini za Binti wa Fundi Cherehani

Jirani yangu fundi cherehani ni mtu wa kupima. Hata ukimwomba chumvi atakuuliza kiasi gani. Siku ya kuagiza dhahabu za harusi ya binti yake aliniomba nimsindikize kwa sonara, maana dada yake mkubwa, shangazi wa binti, naye alikuwa anakuja, na dada mtu akianza kusema, yeye hupotewa na sauti.

Kwenye ukoo wao bibi harusi hutoka na seti ya gramu arobaini: mkufu, hereni, pete na bangili mbili. Kabla hajavaa, mashangazi hushika kipande kimoja kimoja, wakipima uzito kwa kiganja. Fundi alikuwa na pesa ya gramu ishirini na nane. Kumi na mbili zilizobaki angezipata kwa kuyeyusha bangili za marehemu mkewe. Akiba nyingine, aliyoifungia kwenye kitambaa, ilikuwa kodi ya chumba ambacho binti, msusi, angefungulia saluni yake.

Sonara akaisugua bangili ya kwanza kwenye jiwe la kupimia dhahabu, akadondoshea dawa. Mstari wa dhahabu uliobaki jiweni ukafifia. Akasugua ya pili, vilevile.

“Mzee, hizi karati kumi na nne, zimechanganywa shaba nyingi. Nyie mnataka ishirini na mbili. Nikizisafisha zinabaki gramu saba na kidogo.”

“Haiwezekani,” akasema shangazi. “Nilizipima mwenyewe siku ya harusi ya wifi yangu.”

“Kwa mizani?”

“Kwa kiganja hiki.”

“Kiganja kimeona uzito, mama. Karati kingezionaje?”

Binti akasogea. “Baba, tuache bangili. Mkufu na hereni vinanitosha. Bangili zenyewe nitazivua kila nikishika kichwa cha mtu.”

“Dada yako aliyekutangulia kuolewa alitoka na arobaini,” shangazi akasema. “Wewe utoke kama unakwenda kuazima sukari?”

Sonara akajaribu kusaidia. “Naweza kutengeneza bangili zenye uwazi ndani. Kwa macho ni zilezile. Ila zikibonyea, hazinyooki vizuri.”

“Na mashangazi watazishika,” akasema shangazi.

Fundi akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshikishwa mwavuli wa shangazi, nikautazama mwavuli. Mtu ana mke mmoja kaburini, dada mmoja mbele yake, na binti mmoja pembeni.

“Arobaini,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu. Akaanza kufungua kitambaa cha kodi. Fundo likamshinda, binti akamfungulia.

“Nikishazikata bangili, hakuna kurudi,” sonara akasema, mkasi mkononi. Akangoja kidogo. Kisha akakata.

“Kile chumba chenye dirisha,” binti akasema taratibu, “Jumatatu atapewa mwingine.”

“Najua, mwanangu.”

Fundi akaokota kitambaa kitupu, akakikunja pembe kwa pembe, sawasawa, kama kitu cha mteja. Shangazi akaniomba mwavuli wake.