Ndoo Kwenye Mlango wa Chumba cha Kumenya

Mwaka ule wote hakuna aliyeniita kwa jina la mwanangu. Kwetu huku mwanamke akishazaa, jina lake la usichana wanabaki nalo wazazi wake. Wengine wote wanamwita mama wa fulani. Mimi nilifika kiwanda cha korosho cha Newala na mtoto mchanga mgongoni na cheti cha kidato cha nne kwenye mkoba, nikapewa chumba cha kumenya nikiongoze, na wanawake wa chumba kile wakaniita Msimamizi. Asubuhi nawaamkia shikamoo, maana wengi walikuwa rika la mama yangu. Wanajibu, "Marahaba, Msimamizi," wanainamia visu vyao. Nikiingia mazungumzo yanakatika, nikitoka nayasikia yanaanza upya nyuma ya mlango. Baba wa mtoto serikali ilikuwa imemhamishia Masasi. Jioni nilikuwa nazungumza na mtoto, na mtoto hakuwa na maneno.

Sasa vijana wanaopewa usimamizi wanakuja kuniuliza nilijifunza nini mwaka wa kwanza. Huwa nawajibu kwa ufupi, kwa sababu nikieleza yote hasira inanipanda upya. Lakini wacha nieleze.

Korosho ikishabanguliwa inabaki na ngozi nyembamba nyekundu. Inaingizwa kwenye tanuri la kukaushia hadi ngozi ile iwe kama karatasi, kisha trei zinatolewa asubuhi na wanawake wanaimenya kwa vidole na ncha ya kisu kidogo. Ikitoka nzima ni daraja la juu. Ikivunjika ni kipande, na kiwanda hakikujengwa kwa ajili ya vipande. Hiyo ndiyo kazi yote, na mtu anaweza kuizeekea bila kuimudu.

Nilipoingia nilikuta ndoo zimepangwa mlangoni. Kila mwanamke alikuja na ya kwake, na zamu ikiisha anaijaza kwenye bomba la kiwanda, anajitwika, anakwenda. Mara mbili tukakosa maji ya kunawia mikono mchana, na meneja akaniuliza mbele ya watu kama naongoza chumba cha kumenya au kisima cha kijiji. Nilikuwa mpya. Kesho yake nikapiga marufuku ndoo. Sikuuliza mtu. Nilidhani kiongozi akiuliza anaonekana hajui.

Hawakubisha. Mmoja tu, mama mmoja wa upande wa Mkunya aliyevuka Ruvuma na wanawe wakati wa vita vya Msumbiji, alisema bila kuinua macho, "Mmakua wa Lukuledi huyu, amezaliwa na mto mlangoni. Kiu ataijulia wapi?" Chumba kizima kikacheka. Mimi ni Mmakua kweli, wao Wamakonde, na utani upo. Nikachukulia ni utani, nikacheka nao. Ndiyo siku pekee niliyocheka mle ndani kwa muda mrefu.

Baada ya hapo wakaanza kuchelewa. Si wote, na si siku zote, lakini saa ya kuanza ilikuwa inafika na nusu ya viti ni vitupu. Huyo mama wa Mkunya, ambaye ndiye alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, alizidi. Na korosho zikaanza kuvunjika. Nikawagombeza. Niliwaambia wanafanya makusudi, nikawaambia Ujamaa si uvivu, maneno ya redioni ambayo sasa nikiyakumbuka naona haya. Walinisikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua juu ya bati.

Meneja akaniita. Vipande vimezidi, akasema, na wilayani wanauliza. Dawa yake ilikuwa rahisi. "Ndugu Msimamizi, toa mmoja. Yule anayechelewa kuliko wote. Wengine watanyooka wenyewe." Akanipa hadi mwisho wa wiki. Yule mama alikuwa analea wajukuu kwa mshahara ule, na mumewe alikuwa amebaki ng'ambo ya mto, hajulikani alipo. Kila mtu pale kiwandani alijua hayo. Na mimi nilijua.

Wiki hiyohiyo pampu ya maji ya kiwanda ikaharibika, na nyumba za watumishi zikakauka. Nikafunga mtoto mgongoni, nikachukua ndoo, nikawafuata wanawake bondeni kungali na giza. Sisi wa Lukuledi tunasema tunachota maji. Kule mtu haendi kuchota, anakwenda kungoja. Njia inateremka kwenye ukingo wa uwanda wa juu mpaka magoti yanatetemeka, na chini unakuta jicho dogo la chemchemi na foleni ya ndoo. Kata moja, unasubiri pajae tena, kata nyingine. Wanawake wa chumba changu walikuwepo tayari, wamekaa kwenye mawe na khanga zimelowa umande. Nikawaamkia. Wakaitikia. Hakuna aliyesogeza ndoo yake kunipisha, na sikustahili kupishwa. Nilinyonyesha mwanangu peke yangu mwisho wa foleni, jua likachomoza, nikawaona wanapanda mmoja mmoja wakikimbilia zamu yangu.

Siku ile mimi mwenyewe nilichelewa. Nilipofika nikakuta trei zimetolewa tanurini tangu alfajiri, ziko wazi mezani, na ukungu wa Newala umeingia madirishani kama kawaida yake. Nikashika korosho. Ngozi ilikuwa laini, imenata kama bandeji. Nilifundishwa kwenye mafunzo kwamba korosho iliyokaushwa ikikaa kwenye hewa mbichi hunyonya maji, na ngozi hugoma kutoka. Niliandika hata kwenye mtihani. Nikasimama pale na mtoto analia. Hakuna aliyekuwa akivunja makusudi. Mimi niliwanyang'anya maji ya jioni, wakayatafuta alfajiri. Waliyatafuta alfajiri, korosho zikawangoja kwenye ukungu.

Nilikwenda kwa meneja bila kubisha hodi. Nilimwambia simtoi mtu. Nilimwambia trei zisitolewe tanurini mpaka viti vijae, na pampu ikipona kila mwanamke aondoke na ndoo moja jioni. Akasema maji ya kiwanda ni ya kiwanda.

"Basi chagua," nikamwambia. "Maji au korosho nzima. Na kama lazima utoe mmoja, nitoe mimi, maana amri ya ndoo niliitoa mimi."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akasema wanawake wenye kunyonyesha wana hasira. Nikasema ndiyo, tunazo. Akakubali ndoo moja, kwa majaribio, na kwa sauti ya mtu anayempa maskini senti.

Pampu ikapona. Ndoo zikarudi mlangoni. Viti vikajaa mapema, na korosho zikaanza kutoka nzima hata wilayani wakanyamaza. Yule mama hakuondoka. Hakujua alivyokaribia kuondoka. Sikumwambia, na wala sitaki aambiwe.

Niliwaomba radhi mbele ya wote, kwa maneno machache. Walisema haya, yamekwisha, wakaendelea kumenya. Nilidhani kitu kitabadilika. Vijana wanaoniuliza nao hudhani hivyo: kwamba ukirekebisha kosa, watu wanakurudia. Hapana. Kazi inakaa sawa, basi. Kiti cha kuongoza kina nafasi ya mtu mmoja.

Jioni moja, msimu ukielekea kwisha, nilikaa kizingitini nikiwatazama wanavyojitwika. Yule mama wa Mkunya alipita wa mwisho. Ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, hakumwaga hata tone. Akasimama, akamwangalia mwanangu aliyekuwa ameanza kusimama akishika mlango.

"Amekua huyu," akasema.

"Amekua, mama."

"Kesho tutaonana, Msimamizi."

Akaondoka na wenzake, wanacheka kitu nisichokisikia.