Uso wa Theodora Uliokataa Kuingia Kwenye Picha

Ukitaka kumuudhi Shamsia Hussein, mwambie kutengeneza picha kwa kompyuta ni kubofya tu. Mimi nilishona nguo miaka mingi mlangoni pa studio yake pale Moshi mjini, namjua. Ni mkaidi, na ukaidi huo ndio unaomlisha.

Mwaka 2008 alikuja Mama Jovin kutoka Kibosho. Shamsia akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, akatoa mfukoni vitu viwili. Kimoja kilikuwa picha ya ukoo ya Krismasi, waliyopigwa wamesimama mbele ya migomba, mpiga picha akiwa mbali hatua ishirini na lenzi ndefu. Kingine kilikuwa simu ya binti yake Theodora, mwalimu aliyefariki Tunduru. Ndani yake alikuwa amejipiga picha mwenyewe, na hakuna picha yake nyingine ya ukubwani. Mama alitaka mwanawe asimame na ndugu zake katika picha ile ya ukoo kabla ya misa ya kutimiza mwaka tangu afariki.

Shamsia akamwingiza, akalinganisha rangi, kivuli, na ukubwa wa kichwa. Kazi safi, hata mimi nilisifu. Mama Jovin akaitazama, akasema kwa upole, "Huyu siye."

Hapo ukaidi wa Shamsia ukapanda. Akaipunguza pua, akapanua mashavu. Akapata msichana mzuri tu, ila hakuzaliwa na yeyote. Na masikio hayakuonekana kabisa, yalikuwa yamejificha nyuma ya mashavu. Kisichonaswa na kamera hakivutwi kwenye kompyuta.

Kesho yake nilimkuta amenyoosha simu mbele ya uso wake akijipiga picha, kisha akaniamuru nisimame ng'ambo ya barabara nimpige picha kwa lenzi ndefu. Akaziweka picha mbili pamoja, akanionyesha. Kwa karibu, pua iko jirani na lenzi kuliko masikio, basi inavimba na masikio yanarudi nyuma. Kwa mbali, tofauti hiyo si kitu, uso unatulia. Ndugu walitazamwa kutoka mbali, Theodora kutoka umbali wa mkono. Rangi haziwezi kusuluhisha hilo.

Mama aliporudi, Shamsia alimweleza yote bila kujitetea. Mama Jovin akauliza, "Kwa hiyo alijipiga picha kwa sababu hapakuwa na wa kumpiga?"

Niliumia, siwezi kusema uongo.

Kisha Shamsia akasema, "Mama, yeye hatuwezi kumpeleka mbali. Labda wewe usogee."

Akamketisha dirishani, mwanga ukitoka upande uleule uliomwangaza binti, akataka kushika simu ampige. Mama akakataa, akaishika mwenyewe, akanyoosha mkono. Walirudia mara tano.

Shamsia alipoziunganisha picha ya mama na ya binti, pua ya mama ilikuwa imevimba vilevile, na masikio yake yamejificha vilevile. Nyuso mbili, shavu kwa shavu, zilikubaliana. Mama Jovin aliishika picha ile muda mrefu. Ile ya ukoo hakuiulizia tena.

"Sasa hayuko peke yake," akasema, akaifunga katika khanga.