Ubeti wa Mfinyanzi

Kheiria alikuwa na miaka hamsini na saba alipoanza kujifunza Kifarsi. Alikuwa ameshastaafu ualimu na kupata kibali cha kutembeza wageni wa meli zinazotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos. Mumewe, Saeed, akamcheka.

"Kiarabu unacho, Kiswahili unacho, Kiingereza unacho. Hicho Kifarsi utamsemesha nani, paka?"

"Na paka akinijibu?" alisema Kheiria, akachukua mkoba wake.

Kila Jumanne alitoka kwake Bawshar kwenda Mutrah, mtaa wa bandarini, kwa Bi Balqees, ajuza ambaye kwao walikisema Kifarsi tangu enzi za mababu. Bi Balqees hakuanza na sarufi. Alisimulia hadithi, akaifunga kwa ubeti mmoja, na wanawake wa darasa lake wakauimba mpaka ukakaa kichwani.

"Masheikh ndivyo walivyofundisha," alisema. "Qur'ani na sheria zilibaki kwa Kiarabu. Lakini kuanzia Bukhara mpaka Multan na Delhi, mambo ya moyo yalisafiri kwa mashairi ya Kifarsi. Asiyejua kusoma aliyapata kwa sikio, kwenye zawiya, wanapokutana watu wa dhikri. Baadaye wenyeji wakatunga ya kwao, Kisindhi, Kibengali, kila mtu kwa lugha yake."

Kheiria aliulinganisha mtindo ule na tenzi alizolelewa nazo. Utenzi hushika kina kimoja cha mwisho mpaka tamati. Huku kwenye Kifarsi, nusu mbili za kila ubeti zilifanana vina zenyewe kwa zenyewe, kisha ubeti uliofuata ukabadili. Ndiyo maana hadithi iliweza kwenda ikenda bila kukwama, na ndiyo maana ukisikia nusu ya kwanza, ya pili huja yenyewe.

Mwaka wake wa tatu wa darasa, asubuhi moja ya Januari, alimkuta bibi wa Kichina sokoni Mutrah, ameketi mbele ya duka la vyetezo, kitambaa cheupe kimezunguka uso wake, machozi yanamlenga. Kheiria alimjaribu kwa Kiingereza, bibi akatikisa kichwa. Alimjaribu kwa Kiarabu, akaitikia salamu tu. Mwenye duka, katika pirika za kumletea maji, akaangusha chetezo cha udongo kikapasuka vipande vipande.

Bibi alishtuka, akatamka maneno kama anayeomba dua. Kheiria akasimama. Matamshi yalikuwa ya ajabu, lakini neno moja alilijua: *kuze*, mtungi. Ulikuwa ule ubeti wa Bi Balqees, wa mfinyanzi aliyeulilia mtungi wake uliovunjika.

Kheiria akaitikia nusu ya pili, udongo unapomjibu mfinyanzi kuwa wenyewe haujavunjika.

Bibi akamshika mikono yote miwili, akacheka huku machozi yakimtoka. Kuzungumza hawakuweza, Kifarsi cha bibi kilikuwa cha vitabuni. Basi wakaokota maneno kutoka hadithini. "*Dokhtar*," alisema bibi: binti. Kheiria akatoa kalamu, akaandika *kashti*, meli. Bibi akalisoma, akaitikia kwa kichwa mara tatu.

Bandarini, binti alikuja mbio akamkumbatia mama yake. Yeye alijua Kiingereza. Alieleza kuwa walipoteana sokoni, na kuwa mama yake, Bi Ma, alikuwa imamu wa kike katika msikiti wa wanawake huko kwao Henan. Kule, wanawake walisomeshwa vitabu vya Kifarsi kizazi baada ya kizazi. Mwalimu husoma neno, hulieleza kwa Kichina, na wanafunzi huimba pamoja.

"Amestaafu," alisema binti. "Vijana sasa wanataka Kiarabu. Alidhani ubeti ule utakufa naye."

"Leo Jumanne," alisema Kheiria. "Meli inaondoka saa ngapi?"

Meli ilikuwa inaondoka saa tatu usiku. Baada ya alasiri Bi Ma alikuwa ameketi juu ya zulia la Bi Balqees, kahawa na halua mbele yake. Ajuza wawili wakapokezana ubeti. Bi Balqees siku zote aliusoma kwa kumcheka mfinyanzi, mpumbavu aliyependa umbo akasahau udongo. Bi Ma akasema, binti yake na Kheiria wakifasiri, kuwa kwao ubeti huo husomewa waliofiwa: mtungi ni mwili, na kilichopendwa hakikupotea.

Bi Balqees aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Alikuwa amefiwa na dada yake mwezi uliopita.

"Miaka sabini nnausoma," alisema, "na leo ndo umenifikia. Kheiria, mwanangu, utie kwa Kiswahili, wajukuu zangu Kiswahili ndo chao, waushike."

Kheiria alijaribu pale pale, akihesabu mizani kwa vidole:

*Mfinyanzi alilia, mtungi umevunjika;*
*udongo ukamwambia, nami sijaharibika.*

Wakauimba wote. Bi Ma, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alikuwa wa kwanza kuushika.